Profoma Si Pesa: Jinsi muuzaji wa vifaa vya umwagiliaji anavyokadiria mauzo ya msimu

Mvua zinapoanza kupungua Nyanda za Juu Kusini, muuzaji wa vifaa vya umwagiliaji mjini Iringa anakabiliwa na uamuzi usiosubiri. Mipira ya matone anayouza inatoka nje ya nchi. Inasafiri kwa meli hadi bandari ya Dar es Salaam, inasubiri kutolewa, kisha inapandishwa kwa lori umbali wa kama kilomita 500. Tangu siku ya kuagiza hadi siku ya kufungua kontena, miezi miwili au mitatu inaweza kupita. Mkulima kwa upande wake hana muda huo. Miche ya nyanya ikishatoka kitaluni na kupandwa shambani inataka maji siku hiyo hiyo, na akikosa mipira duka hili atavuka barabara aende la pili. Kwa hiyo muuzaji analazimika kuagiza mali kwa ajili ya watu ambao bado hawajalipa, na wengi wao hata hawajaamua.

Aagize kwa ajili ya wangapi? Akiagiza kwa kila aliyeulizia bei, mtaji wake utalala ghalani mpaka mvua zirudi mwezi wa kumi na moja au wa kumi na mbili. Akiagiza kwa waliolipa tu, atauza kidogo sana, maana wengi hulipa wakati mali tayari wanaiona. Jibu liko katikati, na ipo hesabu ya kulitafuta.

Hesabu hiyo ni kumpima kila mteja aliye njiani kwa uwezekano wa hatua aliyofikia. Tuseme mteja ana kazi ya Sh milioni 8, na amefika hatua ambayo, kwa kumbukumbu za duka, watu wanne kati ya kumi waliofika hapo huishia kununua. Kwenye makadirio haandikwi milioni 8, anaandikwa asilimia 40 yake, yaani milioni 3.2. Ukifanya hivyo kwa kila mteja na kujumlisha, unapata makadirio ya mauzo. Mteja huyo peke yake hatalipa milioni 3.2 hata siku moja: atalipa milioni 8 au hatalipa kitu. Lakini wakiwepo kumi wa namna yake, wanne wakinunua, duka litapata milioni 32, na ndiyo hiyo hiyo jumla ya milioni 3.2 mara kumi. Hesabu hii inawasema wateja wakiwa kundi. Kila kosa kubwa linalofanywa nayo linatokana na kusahau jambo hilo.

Ili mambo yaonekane, tuchukue duka la mfano hapo Iringa, linalouza mipira ya matone, mabomba, machujio, matanki na pampu kwa wakulima wa nyanya, vitunguu na parachichi. Takwimu zake nimezipanga mwenyewe ziwe nyepesi kufuata, lakini mwenendo wake ni ule unaojulikana na kila aliyewahi kusimama nyuma ya kaunta ya duka la namna hii.

Duka letu limegawa safari ya mteja katika hatua tano. Kwanza mtu anaulizia bei, kwa simu au kwa kuja mwenyewe. Pili fundi anakwenda shambani kupima: ukubwa wa eneo, mwinuko, umbali kutoka kwenye chanzo cha maji, na kiasi cha maji kinachopatikana kwa saa. Tatu duka linachora mpangilio wa mabomba na kutoa profoma. Nne mteja anathibitisha mambo mawili yanayokwamisha kazi nyingi, fedha na maji. Tano analipa malipo ya awali, na hapo kazi inaingia kwenye ratiba ya mafundi.

Hatua ya tatu inahitaji kuangaliwa kwa makini, kwa sababu ndiyo inayodanganya kuliko zote. Profoma inapotoka na muhuri wake mkononi mwa mteja, muuzaji anajisikia kama ameuza nusu. Lakini kutoa profoma ni kazi ya duka, mteja hajafanya lolote. Wapo wanaoiomba ili waambatanishe kwenye maombi ya mkopo ambayo bado hawajayapeleka. Vipo vikundi vinavyoitaka kwa ajili ya andiko la mradi litakalosomwa na mfadhili mwakani. Na yupo meneja wa shamba ambaye utaratibu wa ofisi yake unamtaka awe na profoma tatu, moja tayari ameichagua moyoni, na wewe ni wa kukamilisha idadi. Wote hao wanakaa hatua moja na mkulima ambaye kesho anataka kufungiwa mipira.

Ndiyo maana hatua nzuri hufungwa kwa jambo alilolifanya mteja, linaloweza kuoneshwa. Mteja aliyerudi na mchoro mkononi kubishana kwamba bomba kuu lipite kando ya mti ule, au kwamba chujio la inchi mbili linamtosha, ameonesha zaidi ya yule aliyesema profoma ni nzuri sana. Kwa hatua ya nne, ushahidi uko wazi. Upande wa fedha ni barua ya benki au SACCOS ya kukubali mkopo, au mteja kuonesha kwamba fedha anayo. Upande wa maji ni kisima kilichopimwa, au kibali cha kutumia maji. Kwa Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009, anayechepusha au kuvuta maji ya mto kwa ajili ya kilimo anahitaji kibali cha bodi ya maji ya bonde lake, na kwa wakulima wengi wa Iringa hiyo ni Bodi ya Maji ya Bonde la Rufiji, yenye makao yake hapo hapo mjini. Mkulima anayetegemea maji ya mto na hajawahi kufika kwenye ofisi hiyo hajafika hatua ya nne, hata kama fedha anayo.

Katika kikao cha Jumatatu asubuhi mazungumzo huenda hivi, mwenye duka akiwa na daftari na kijana wa mauzo akiwa na simu yake:

"Yule mzee wa Ilula yuko wapi?"

"Yule ni asilimia tisini, mama."

"Tisini kwa nini?"

"Ameipenda sana profoma yetu. Kasema tumsubiri kidogo tu."

"Kibali cha maji?"

"Anafuatilia."

"Amelipa chochote?"

Kijana ananyamaza.

"Basi yuko hatua ya tatu, mwanangu. Mwandikie arobaini."

Mama huyo hajamkatisha tamaa kijana wake. Amekataa tu kuiacha asilimia itokane na jinsi mteja alivyotabasamu. Asilimia ni ya hatua, na hatua inajulikana kwa ushahidi. Siku mzee wa Ilula akileta nakala ya kibali na barua ya benki, atapanda mwenyewe.

Sasa hiyo arobaini imetoka wapi? Programu nyingi za kompyuta za kutunza kumbukumbu za wateja huja na asilimia zilizokwisha kuwekwa kwa kila hatua, na maduka mengi huziacha kama zilivyo. Asilimia hizo hazijui lolote kuhusu Ilula wala kuhusu parachichi. Ya kweli ipo kwenye madaftari ya duka lenyewe. Duka letu la mfano lilikaa chini na kumbukumbu za miaka mitatu, likahesabu wateja wote ambao safari yao ilikwisha, kwa kununua au kwa kutonunua. Waliouliza bei walikuwa 400. Kati yao 160 walipimiwa shamba, 100 walipewa profoma, 57 walithibitisha fedha na maji, 42 walilipa malipo ya awali, na 40 walimaliza ununuzi. Arobaini hao walipita hatua zote, kwa hiyo uwezekano wa kila hatua ni 40 kugawanywa kwa idadi ya waliowahi kuifikia: asilimia 10 kwa aliyeuliza, 25 kwa aliyepimiwa, 40 kwa mwenye profoma, 70 kwa aliyethibitisha, na 95 kwa aliyelipa malipo ya awali.

Mtego wa hesabu hiyo ni watu waliopotea kimya. Mkulima aliyeghairi mara nyingi hapigi simu kusema ameghairi. Hapokei tu, au anasema "nipo safarini" mpaka muuzaji anachoka. Jina lake linabaki daftarini kama bado yuko njiani, na anayehesabu waliokwisha kuamua humruka. Tuseme kati ya wale 60 waliopewa profoma na hawakununua, 30 walipotea kwa namna hiyo. Ukiwaruka, unapata wanunuzi 40 kati ya 70, yaani asilimia 57. Duka lote linaonekana hodari kuliko lilivyo, na kontena linaagizwa kwa kipimo hicho. Dawa ni sheria ngumu isiyojadiliwa: mteja aliyekaa hatua moja msimu mzima bila kufanya jambo jipya anahesabiwa amepotea. Akirudi mwakani, karibu sana, anaandikwa upya kama mteja mpya.

Tukiwa na asilimia hizo, tufungue daftari la tarehe 1 Aprili. Wateja walio njiani ni 60.

| Hatua | Wateja | Thamani (Sh milioni) | Uwezekano | Yanayotarajiwa (Sh milioni) |
|---|---|---|---|---|
| Ameuliza bei | 30 | 120 | 10% | 12 |
| Shamba limepimwa | 12 | 60 | 25% | 15 |
| Ana profoma | 10 | 80 | 40% | 32 |
| Fedha na maji tayari | 5 | 50 | 70% | 35 |
| Amelipa malipo ya awali | 3 | 20 | 95% | 19 |
| Jumla | 60 | 330 | | 113 |

Daftari lina kazi za milioni 330, lakini linaahidi milioni 113. Tofauti hiyo peke yake inatosha kumfanya mtu aache kuagiza kwa kuangalia unene wa faili la profoma. Ona pia kwamba wateja 8 wa hatua mbili za mwisho wanabeba milioni 54 kati ya hizo 113, ilhali wale 30 wa mwanzo wote kwa pamoja wanabeba 12.

Makadirio hayo yanayumba kwa kiasi gani? Wateja wakiwa wanaamua kila mmoja kivyake, na kazi za kila hatua zikiwa na ukubwa unaokaribiana, hesabu ya mtawanyiko inaonesha kwamba mara mbili kati ya tatu matokeo yatakuwa kati ya milioni 94 na 132. Huo ni upana ambao mfanyabiashara anaweza kuishi nao.

Kisha inaingia barua pepe kutoka shamba kubwa. Wanataka kuweka mfumo kwenye ekari nyingi kwa mkupuo, kazi ya Sh milioni 200, na profoma wameshapewa. Hatua ya tatu, asilimia 40, kwa hiyo milioni 80 zinaongezwa na makadirio yanaruka hadi 193. Hapa ndipo hesabu nzuri inapogeuka kuwa hatari, kwa sababu 193 ni kiasi ambacho hakitatokea. Shamba lile likinunua, duka litauza kama milioni 313. Lisiponunua, litauza kama 113. Katikati hapana kitu. Mtu akiagiza mali ya 193 atakuwa amekosea kwa vyovyote vile: ama mali itapungua sana, ama itabaki sana. Ukirudia hesabu ya mtawanyiko, kuyumba kulikokuwa kama milioni 19 kila upande kunakuwa kama milioni 100, na mteja aliyesababisha yote hayo ni mmoja.

Zaidi ya hapo, ile asilimia 40 yenyewe haimhusu. Ilitokana na wakulima wa ekari moja, mbili au tano, wanaoamua mezani na mke au mume. Shamba kubwa lina bodi, mhandisi, benki, na washindani wako wote wameshafika. Duka lililowahi kushughulikia kazi kubwa tatu tu maishani mwake halina takwimu za kulipa asilimia. Maoni yangu hapa hayayumbi: mteja ambaye thamani yake peke yake inazidi robo ya mengine yote atolewe kwenye jumla, aandikwe mstari wake, na kila mpango uandikwe mara mbili, akinunua na asiponunua. Mali yake isiagizwe kabla ya malipo yake ya awali kuingia benki.

Tumrudishe pembeni, tubaki na 113. Bado kuna swali ambalo jedwali halijalijibu, nalo ndilo linalomuumiza muuzaji wa umwagiliaji kuliko muuzaji wa sabuni. Asilimia 40 ya mwenye profoma inasema kama atanunua. Haisemi lini. Mkulima wa parachichi anayetaka kuivusha miche michanga kwenye kiangazi cha kwanza hununua mapema. Akichelewa, akabeba maji kwa ndoo mpaka Novemba, mvua zikishaanza hana haraka tena, na kazi yake inasogea mwaka mzima mbele. Hajakataa, na bado duka halijauza.

Kwa hiyo kumbukumbu zile zile zinaulizwa swali la pili: kati ya walionunua, wangapi walilipa ndani ya siku 90 tangu wafike hatua hiyo? Kwa duka letu, asilimia 20 ya wanunuzi walilipa ndani ya siku 90 tangu waulize bei, 40 tangu wapimiwe shamba, 50 tangu wapewe profoma, 80 tangu wathibitishe fedha na maji, na wote tangu watoe malipo ya awali. Ukizidisha safu ya mwisho ya jedwali kwa hizo, unapata milioni 2.4, 6, 16, 28 na 19, jumla kama milioni 71. Hayo ndiyo makadirio ya Aprili hadi Juni. Milioni 42 zilizobaki ni za baadaye, nyingine za kiangazi kijacho. Mtu aliyeagiza mali ya 113 hakukosea hesabu ya uwezekano. Amelipia sasa mali ambayo sehemu yake itaondoka mwakani.

Kwenye Excel kazi yote hiyo ni mstari mmoja. Wateja 60 wakiwa mstari wa 2 hadi wa 61, thamani safu ya C, uwezekano safu ya D, na sehemu ya kulipa kwa wakati safu ya E:

```
=SUMPRODUCT(C2:C61,D2:D61,E2:E61)
```

Kwenye hizo 71 duka linaongeza wateja ambao tarehe 1 Aprili hata hawajulikani. Kila msimu wapo wanaoingia dukani Mei na kutoka na mipira ya ekari moja wiki hiyo hiyo. Kumbukumbu za miaka mitatu zinaonesha wameleta wastani wa milioni 10 kwa robo hiyo, basi makadirio yanasimama kwenye 81.

Kuna jambo moja ambalo hesabu hii haiwezi kuliona hata ukiifanya kwa uangalifu gani. Ule upana wa milioni 94 hadi 132 ulitegemea kila mteja aamue kivyake. Wakulima wa bonde moja hawaamui kivyao. Wanauza nyanya kwenye soko moja, na bei ya tenga ikianguka Aprili wote wanasita siku moja. Wengi wanakopa kwenye benki zile zile, na dirisha la mkopo likichelewa kufunguliwa linawachelewesha wote. Na wanakunywa mto mmoja. Tangu miaka ya 1990, Ruaha Mkuu umekuwa ukikauka wakati wa kiangazi kwenye kipande kinachopita Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, na matumizi ya maji kwa kilimo juu ya mto ni sehemu ya sababu. Mamlaka za maji zikibana vibali au kupunguza kiasi cha kuvuta, mteja anayetegemea mto huo anarudi hatua ya tatu pamoja na majirani zake wote. Mwenye duka makini anaweka safu moja zaidi kwenye daftari, chanzo cha maji, na kila mwezi anajumlisha kivyake fedha zinazotarajiwa kutoka kwa wanaotegemea mto na zile za wenye visima. Akiona milioni 50 kati ya 81 zinategemea mto mmoja, anajua hatari yake imelala wapi, jambo ambalo asilimia za hatua zisingemwambia.

Mwisho wa yote, kontena halijazwi shilingi, linajazwa mipira. Ekari moja ni kama mita za mraba 4,047. Nyanya zikipandwa kwenye mistari iliyoachana mita 1.2, ekari hiyo inahitaji kama mita 3,370 za mpira wa matone. Parachichi zikipandwa kwa mistari iliyoachana mita 7, mpira mmoja kila mstari, ekari inahitaji kama mita 580 tu. Chukua wateja wawili wa Sh milioni 6 kila mmoja, wote hatua ya nne. Wa nyanya ana ekari mbili, na atamaliza mita 6,740. Wa parachichi ana ekari tano, atatumia mita 2,900, na fedha yake nyingi itakwenda kwenye pampu, tanki na bomba kuu la kupanda kilima. Kwa fedha ni sawasawa. Kwa ghala, mmoja anakula mpira zaidi ya mara mbili ya mwenzake. Kwa hiyo safu ya C iandikwe mara ya pili kwa mita badala ya shilingi, na ile fomyula irudiwe. Asilimia hazibadiliki.

Na idadi ikishapatikana, si kila kitu kiagizwe kwa kipimo kile kile. Mpira wa matone wa kawaida, machujio na viungio visipouzwa mwezi huu vitauzwa mwezi ujao, mradi vimekaa kivulini, basi kwa hivyo ni salama kuagiza juu kidogo ya makadirio, kwa sababu kumkosa mteja kunauma kuliko roli kubaki ghalani. Pampu kubwa iliyochaguliwa kwa ajili ya mwinuko wa shamba fulani haina mnunuzi wa pili. Hiyo iagizwe baada ya malipo ya awali, hata kama mteja yuko asilimia 70 na ni rafiki wa familia.

Msimu ukiisha, duka linarudi kwenye daftari la Aprili na kuuliza: wale kumi walioandikwa 40, walinunua wangapi? Wakiwa wawili au sita, usibadilishe kitu, kwa kundi dogo namna hiyo ni kuyumba kwa kawaida. Wakiwa wachache misimu miwili au mitatu mfululizo, asilimia ishushwe, au itazamwe upya namna wateja wanavyoruhusiwa kuingia hatua ya tatu. Mara nyingi kasoro inakuwa hapo pa pili: mtu alitoa profoma kwa simu bila shamba kupimwa.

Ukiwa na duka la namna hii na madaftari yako hayana kumbukumbu za kufanyia hesabu hizi, anza wiki hii na mambo matatu kwa kila mteja: tarehe aliyoingia kila hatua, ushahidi uliomwingiza, na akipotea, sababu. Baada ya viangazi viwili utakuwa na asilimia zako mwenyewe. Kabla ya hapo, agiza mipira ya kawaida kwa kufuata hatua mbili za mwisho peke yake, na profoma zilizobaki zichukulie kuwa bado hazijasema kitu.